Chuma Kinapotua Moyoni

Mwili wa mtu mzima mwenye afya hubeba takriban gramu 3 hadi 4 za madini ya chuma, na kila siku hupoteza miligramu 1 au 2 tu kupitia ngozi na utumbo. Njia nyingine ya kutolea chuma hauna. Figo, ambazo huchuja chumvi na taka nyingine nyingi, hazina kazi hiyo. Kwa mtu wa kawaida hili halina madhara, kwa sababu utumbo wenyewe hupunguza chuma unachofyonza kutoka kwenye chakula pale akiba inapotosha.

Mtu mwenye thalasemia kuu ya aina ya beta yuko katika hali tofauti kabisa. Uboho wake haumudu kutengeneza himoglobini ya kutosha, na bila kuongezewa damu hawezi kuishi. Kila baada ya wiki mbili hadi tano, tangu utotoni, huenda hospitali akatundikiwa chupa ya damu, na kila chupa huingia na takriban miligramu 200 za chuma. Tufanye hesabu kwa mtu mzima anayepokea chupa mbili kila wiki tatu. Kwa mwaka atakwenda mara 17 na kupokea chupa 34, yaani karibu gramu 7 za chuma. Ndani ya mwaka mmoja ameingiziwa karibu mara mbili ya chuma chote alichopaswa kuwa nacho maisha yake yote, na mwili wake hauna mlango wa kukitolea.

Chuma hicho huenda wapi? Kwa muda fulani damu hukimudu. Ipo protini iitwayo transferini ambayo kazi yake ni kubeba chuma salama kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Lakini wabebaji hao wana kikomo. Wote wakishapata mzigo, chuma kinachobaki huzunguka kwenye damu bila mbebaji, na hicho ndicho kinacholeta madhara. Ini hukimeza haraka na kwa wingi, na tezi zinazotengeneza homoni hukipokea pia, ndiyo maana vijana wengi wenye ugonjwa huu huchelewa kubalehe au hupata kisukari. Moyo nao hukipokea. Tafiti zilizofanywa kwa wanyama zimeonyesha kwamba kwenye seli za moyo chuma hiki huingia kupitia milango ileile inayotumiwa na kalisi, na milango hiyo hufunguka kila moyo unapopiga.

Kikishaingia, sehemu kubwa hufungiwa ndani ya akiba ya seli na haileti fujo mara moja. Sehemu ndogo isiyofungiwa ndiyo huchochea kemikali kali zinazounguza utando wa seli na mitambo yake ya kuzalisha nguvu, na kuvuruga mwendo wa kalisi ambao ndio unaoamuru misuli ya moyo ikaze na kulegea. Matokeo hujitokeza kwa namna mbili. Moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, au unaweza kuchoka hadi ushindwe kusukuma damu. Kabla ya hapo mgonjwa anaweza kukaa miaka akifanya kazi, akisoma, akicheza mpira, bila dalili yoyote. Miguu inapovimba na pumzi inapokata akipanda ngazi, ugonjwa unakuwa umeshafika mbali. Ndiyo sababu kwa miongo mingi moyo ulikuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wenye thalasemia kuu, na wengi walikufa wakiwa bado vijana.

Madaktari walilijua hilo tangu zamani. Hawakuwa na njia ya kujua ni moyo wa nani unaoharibika. Walipima feritini, protini ya damu inayopanda kadiri akiba ya chuma inavyoongezeka. Walipima pia chuma cha ini, mara nyingi kwa kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano. Kwa ini vipimo hivyo vilifaa. Waliamini kwamba ini likiwa na chuma kingi, moyo nao utakuwa nacho, na ini likiwa safi, moyo uko salama. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha jinsi moyo unavyosukuma damu, lakini kilianza kubadilika baada ya madhara kutokea.

Mwaka 2001 timu ya Hospitali ya Royal Brompton ya London, wakiwemo Lisa Anderson na Dudley Pennell, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 106 wa thalasemia waliopimwa chuma cha moyo kwa MRI bila kukatwa wala kuchomwa. Kilichowashtua wengi ni kwamba chuma cha ini na chuma cha moyo havikuendana. Kulikuwa na watu wenye ini lililojaa na moyo safi. Kulikuwa pia na watu wenye ini zuri na feritini ya kuridhisha, huku moyo wao ukiwa umelemewa. Hawa wa pili ndio wanaoniumiza zaidi, kwa sababu ni watu ambao kliniki ziliwapongeza kwa miaka kwa kutunza vipimo vyao.

Maelezo ya jambo hili ni mepesi ukishayasikia. Ini hujaza chuma haraka na hukitoa haraka. Moyo huanza kupokea polepole, na hukitoa polepole zaidi. Kijana aliyeacha dawa akiwa na miaka 15, akarudi kuzitumia vizuri akiwa na 18, anaweza kuwa ameshasafisha ini lake wakati moyo bado umebeba mzigo wa ile miaka mitatu. Damu inayotolewa mkononi leo inasimulia habari za miezi ya karibuni tu.

Kipimo chenyewe hufanya kazi hivi. Mashine ya MRI ina sumaku yenye nguvu sana, na mwili wa binadamu umejaa maji. Mashine hutikisa chembe ndogo za maji kwa mawimbi ya redio, kisha husikiliza ishara zinazotoa zikitulia. Ishara hiyo hufifia ndani ya muda mfupi mno unaohesabiwa kwa milisekunde. Chuma kilichorundikana kwenye seli huwa kama visumaku vidogo vinavyovuruga uga wa sumaku pale pale kilipo, na ishara hufifia upesi zaidi. Muda huo wa kufifia huandikwa kwa alama T2*. Kadiri chuma kinavyoongezeka, ndivyo namba ya T2* inavyoshuka. Hapa wagonjwa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu wamezoea feritini, ambayo ikipanda ni mbaya. Kwenye T2* namba kubwa ndiyo habari njema.

Moyo usio na chuma cha ziada huwa na T2* ya karibu milisekunde 40. Milisekunde 18 baada ya mashine kuanza kusikiliza, moyo kama huo bado una zaidi ya asilimia 60 ya ishara yake. Moyo wenye T2* ya 8 unakuwa umebakiwa na asilimia 11 tu, na kwenye picha misuli yake huonekana nyeusi. Mpimaji hupiga picha kadhaa mfululizo za kipande kimoja cha moyo, kwa kawaida nane, huku mgonjwa akizuia pumzi kwa sekunde chache, kisha kompyuta huchora mchirizi wa kufifia na kutoa namba. Hakuna mionzi na hakuna haja ya kuchomwa dawa ya rangi. Eneo linalosomwa ni ule ukuta unaogawa vyumba viwili vya chini vya moyo. Sehemu nyingine za moyo zinakaribiana na mapafu na mishipa mikubwa, na hewa pamoja na damu iliyomo humo huvuruga sumaku kwa namna inayofanana na chuma. Ripoti iliyosoma ukuta wa pembeni inaweza kumtangaza mgonjwa ambaye hana tatizo.

Mpaka uliokubalika ni milisekunde 20. Chini ya hapo kuna chuma moyoni, na chini ya 10 hali ni mbaya. Mipaka hii ilipata uzito mwaka 2009, utafiti ulioongozwa na Paul Kirk ulipofuatilia wagonjwa 652. Karibu wote waliopata moyo kushindwa kufanya kazi ndani ya mwaka mmoja, asilimia 98, walikuwa na T2* chini ya 10. Kwa waliokuwa chini ya 6, karibu nusu walifikia hali hiyo ndani ya miezi 12. Katika tiba ni nadra kupata kipimo kinachoonya wazi namna hii, tena mapema wakati bado kuna la kufanya.

Mipaka hiyo ni ya mashine zenye nguvu ya tesla 1.5. Mashine mpya nyingi ni za tesla 3, na kwenye mashine hizo namba hushuka hadi karibu nusu kwa kiasi kilekile cha chuma. Mgonjwa aliyepimwa 22 kwenye mashine moja mwaka jana na 12 kwenye nyingine mwaka huu huenda moyo wake haujabadilika hata kidogo. Kabla ya mtu kuongezewa dawa kwa sababu ya namba kama hiyo, mtu fulani lazima aulize ni mashine ipi iliyotumika.

Namba ikishajulikana, kazi inayofuata ni kukitoa chuma, na hufanywa na dawa zinazokamata chuma na kutoka nacho kwenye mkojo au choo. Zipo tatu. Ya kwanza ni deferoksamini, iliyoanza kutumika miaka ya 1960 na ambayo asili yake ni bakteria wa udongo. Haifyonzwi vizuri ikimezwa, na ndani ya damu hudumu kwa dakika tu, kwa hiyo huingizwa polepole chini ya ngozi kwa pampu ndogo kwa saa 8 hadi 12, usiku tano au zaidi kila wiki. Tafakari maana ya hilo kwa msichana wa bweni mwenye miaka 16, anayelala na sindano tumboni huku wenzake wakipiga soga. Wengi waliokufa walikuwa na dawa kabatini. Kuwalaumu ni kukosa kuelewa tiba hiyo ilidai nini kwa mtoto.

Dawa ya pili ni deferiproni, vidonge vinavyomezwa mara tatu kwa siku. Molekuli yake ni ndogo na hupenya ndani ya seli za moyo, na hilo ndilo linaloipa nafasi ya pekee katika habari hii. Mwaka 2006 Pennell na wenzake walilinganisha dawa hizi mbili kwa wagonjwa 61 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja, T2* ya moyo iliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliotumia deferiproni na asilimia 13 kwa waliotumia pampu. Ya tatu ni deferasiroksi, inayonywewa mara moja kwa siku, ambayo imewapunguzia wengi adha ya sindano. Nayo huondoa chuma moyoni, ingawa figo na ini vinapaswa kuangaliwa kila mwezi.

Ushahidi uliobadilisha mambo zaidi ulitoka Sardinia, kisiwa cha Italia ambako malaria ya karne nyingi iliacha kizazi chenye thalasemia nyingi. Mark Tanner na wenzake walipima wagonjwa 167 huko, wote wakiwa watumiaji wa muda mrefu wa deferoksamini, na wakakuta asilimia 65 wana chuma moyoni. Kisha wakachagua 65 wenye T2* kati ya 8 na 20. Wote waliendelea na pampu, nusu wakapewa deferiproni juu yake na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa mwaka mmoja waliotumia dawa mbili walipanda kutoka 11.7 hadi 17.7 kwa wastani. Wenzao walipanda kutoka 12.4 hadi 15.7. Uwezo wa moyo kusukuma damu nao uliongezeka zaidi kwa waliounganisha dawa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone namba hizi zinavyofanya kazi kwa mtu mmoja. Kijana ana miaka 19 na uzito wa kilo 50. Feritini yake ni 1,300, si ya kutisha kwa mtu anayeongezewa damu. Ini lake lina chuma kidogo. Anajisikia vizuri. MRI inatoa T2* ya 8.2, na uwezo wa moyo kusukuma damu ni asilimia 57. Daktari asiyezoea ugonjwa huu ataiona 57 kuwa ya kawaida. Lakini mtu mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu huwa na moyo unaosukuma kwa nguvu kuliko wengine, kwa hiyo 57 kwake tayari ni kushuka.

Anaanzishiwa deferiproni miligramu 75 kwa kila kilo, yaani miligramu 3,750 kwa siku, ambazo ni vidonge viwili na nusu vya miligramu 500, asubuhi, mchana na usiku. Pamoja nayo anatumia pampu ya deferoksamini, miligramu 40 kwa kilo, yaani chupa nne ndogo za miligramu 500, usiku tano kwa wiki. Anaambiwa mapema kwamba mkojo wake unaweza kuwa mwekundu, ili asishtuke akadhani ni damu. Anaambiwa pia jambo zito zaidi. Kwa takriban mtu mmoja katika kila 100, deferiproni hushusha vibaya seli nyeupe zinazopambana na bakteria, na homa ndogo inaweza kumuua. Kwa hiyo mwanzoni seli hizo huhesabiwa kila wiki. Siku atakayopata homa au koo kuuma, anaacha vidonge hapo hapo na kwenda kupimwa damu siku hiyohiyo, bila kungoja miadi. Mahali ambapo homa yoyote huhesabiwa malaria kwanza, agizo hili lazima familia nzima ilijue.

Baada ya miezi sita MRI inaonyesha 9.6. Kijana anavunjika moyo, kwa kuwa feritini imeshuka hadi 700 na alitarajia makubwa. Lakini hivi ndivyo moyo unavyojisafisha. Baada ya mwaka T2* ni 12 na uwezo wa kusukuma damu umefika asilimia 62. Baada ya miaka miwili ni 17. Katikati ya safari hiyo dozi ya deferoksamini imepunguzwa, kwa sababu dawa hiyo ikitumiwa kwa wingi na mtu mwenye akiba ndogo ya chuma inaweza kudhuru masikio na macho. Daktari asipofuatilia ini na feritini sambamba na moyo, anaweza kuokoa kimoja akaharibu kingine.

Kama kijana huyu angefika tayari anahema, angelazwa na kuwekewa deferoksamini kwenye mshipa saa 24 bila kukatisha, pamoja na deferiproni. Moyo ulioshindwa kwa sababu ya chuma hutofautiana na mioyo mingi iliyoshindwa kwa sababu nyingine: unaweza kurudi katika hali yake. Timu ya London ilionyesha hivyo mwaka 2004 kwa kundi dogo la wagonjwa waliokuwa kwenye hali hiyo. Makosa yanayotokea ni kuwahi kumkausha maji kwa dawa za mkojo, wakati moyo huu unahitaji damu ya kutosha kuujaza, au kumpa vitamini C kwa wingi, ambayo hufungulia chuma kutoka kwenye akiba na kuuongezea moyo mzigo.

Matokeo ya haya yote yalionekana Uingereza ndani ya miaka michache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Bernadette Modell na wenzake ulionyesha kwamba vifo vinavyotokana na chuma miongoni mwa wagonjwa wa thalasemia vilishuka kwa asilimia 71 kuanzia mwaka 2000, wakati MRI ya moyo ilipoanza kuongoza dozi za dawa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, habari hii inagusa zaidi familia zenye asili ya Oman, Uajemi, Gujarati na Sindhi, za Maskati, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambako aina ya beta hupatikana. Thalasemia ya alfa iliyozoeleka pwani ya Kenya, kule Kilifi kwa mfano, ni jambo jingine: wengi huishi nayo bila hata kujua, na haihitaji damu. Wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara nao hurundika chuma kwenye ini, ingawa moyo wao mara nyingi huchelewa kuguswa kuliko wa mwenye thalasemia aliyepokea chupa sawa.

Mtoto wa thalasemia anaweza kupimwa moyo pale anapoweza kulala kimya ndani ya mashine bila usingizi wa dawa, kwa wengi ni kati ya miaka 8 na 10. Namba ikiwa juu ya 20, hurudiwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Kati ya 10 na 20, kila mwaka. Chini ya 10, kila miezi sita. Mzazi anayepokea ripoti aangalie kama imeandikwa nguvu ya mashine kwa tesla, T2* ya ukuta wa katikati kwa milisekunde, na asilimia ya uwezo wa moyo kusukuma damu. Kimoja kikikosekana, airudishe kwa mpimaji ikamilishwe kabla haijaingia kwenye jalada.